Gari liko gereji, ramani inasema liko barabarani: LBS hukisia vipi mahali?

Swali: Habari mtaalamu. Noah yangu iko gereji Tabata wiki ya pili sasa, na ina kifaa cha kufuatilia. Usiku ramani inaionyesha Barabara ya Mandela, mara Buguruni, mara imerudi. Fundi anaapa haijatoka. Kwenye apu pameandikwa LBS badala ya GPS, na ripoti ya jana inasema imetembea kilomita 31. Aliyenifungia kifaa amenitumia mstari huu: 640,04,1F4B,2A7C. Fundi anazurura na gari langu, au mashine inadanganya?

Jibu: Usimgombeze fundi kwa ushahidi huo peke yake. LBS maana yake mahali panakisiwa kwa minara ya simu badala ya setelaiti, kwa hiyo ulichokiona kwenye ramani si njia ambayo gari limepita. Ni orodha ya minara ya simu ambayo kifaa chako kiliisikia kikiwa kimetulia palepale, na kila mnara ulipobadilika ramani ikalihamisha gari. Hata hivyo fundi naye hajasafishika bado, kwa sababu data hiyohiyo, ukiisoma vizuri, inaweza kukuambia kama gari lilitoka.

Mawimbi ya setelaiti za GPS hufika ardhini yakiwa dhaifu sana, takriban dBm -130, na kwa kipimo hiki cha nguvu namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mawimbi ni dhaifu zaidi. Mawimbi ya mnara wa simu mjini kwa kawaida ni kati ya dBm -60 na -100. Hata ukichukua huo wa -100, bado una nguvu mara elfu moja kuliko wa setelaiti. Chini ya paa la bati GPS hupotea kabisa, ilhali mawimbi ya simu hupenya mlangoni, madirishani na kwenye matundu ya kuta, na kifaa kikaendelea kutuma taarifa kama kawaida. Kwa kuwa hakina tena latitudo na longitudo za kutuma, hutuma kitu pekee kinachokijua kuhusu mahali kilipo, yaani jina la mnara unaokihudumia. Huo ndio mstari uliotumiwa.

Namba ya kwanza, 640, ni nchi, na hiyo ni Tanzania. Kenya ni 639 na Uganda ni 641. Ya pili ni kampuni ya simu ya laini iliyomo ndani ya kifaa. Ya tatu ni eneo, kundi la seli nyingi ambazo mtandao unazihesabu pamoja. Ya nne ni seli yenyewe. Ninasema seli na si mnara, kwa sababu mnara wa kawaida mjini una pande tatu, kila upande una antena zake zinazomulika takriban nyuzi 120, na kila upande una namba yake. Kwa hiyo namba ya nne inakuambia mnara, na pia inakuambia uko upande gani wa mnara huo.

Namba mbili za mwisho ulizotumiwa zimeandikwa kwa msingi wa 16, ndiyo maana zina herufi ndani. Zigeuze kwanza ziwe za kawaida: 1F4B ni 8011, na 2A7C ni 10876. Kosa hapa ni rahisi kuliko unavyodhani. Namba yako ina herufi, kwa hiyo inajitangaza. Lakini kifaa kingeleta 2471, ungeiona kama namba ya kawaida ukaitafuta hivyo, kumbe kwa msingi wa 16 hiyo ni 9329, seli nyingine kabisa. Kama kifaa huandika namba ya eneo kwa herufi, chukulia kwamba na ya seli iko kwa msingi uleule hata pale isipokuwa na herufi.

Sasa swali ni jinsi namba hizo nne zinavyogeuka kuwa nukta kwenye ramani. Hakuna hesabu yoyote inayoweza kutoa latitudo kutoka kwenye 10876, kwani ni jina tu. Seva ya apu yako inalipeleka jina hilo kwenye kanzidata ya seli, kwa mfano ya Google au ya OpenCelliD, na inarudishiwa nukta. Ukitaka kujaribu mwenyewe, OpenCelliD ina ramani yenye sehemu ya kuingiza namba hizo nne. Kwa Google, mwenye ufunguo wa huduma yao hutuma hivi kwenda `https://www.googleapis.com/geolocation/v1/geolocate`:

```json
{
  "considerIp": false,
  "radioType": "gsm",
  "cellTowers": [{
    "mobileCountryCode": 640,
    "mobileNetworkCode": 4,
    "locationAreaCode": 8011,
    "cellId": 10876
  }]
}
```

Mstari wa `considerIp` usiuache. Ukikosekana na seli isipofahamika, huduma inaweza kukisia kwa anwani ya intaneti ya kompyuta iliyouliza, yaani seva ya apu, ambayo pengine iko nchi nyingine. Wenye magari wanaoshangaa kuona gari lao limehamia Ulaya kwa dakika tano huenda wamepatwa na hilo. Ukiweka `false`, jibu la seli isiyojulikana ni kosa namba 404, na hilo ni jibu la kweli kuliko nukta ya kubahatisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza Barabara ya Mandela, ni kwamba nukta inayorudi kwa kawaida si mahali mnara uliposimama. Kampuni za simu hazitoi ramani za minara yao kwa kila anayezihitaji. Kanzidata hizi hujengwa na simu za watu: simu yenye GPS inapita mahali, inaisikia seli 10876, inatuma kwamba "nimeisikia hapa". Vipimo vikishakusanyika, nukta ya seli hukadiriwa kutokana na mahali vilipochukuliwa, na njia iliyozoeleka ni kutafuta wastani wake. Na simu zenye GPS inayofanya kazi ziko wapi kwa wingi? Ziko barabarani, ndani ya daladala, malori na bodaboda. Seli inayomulika mitaa ya Tabata pamoja na kipande cha Mandela itakuwa na vipimo maelfu vya barabarani na vichache vya uchochoroni, kwa hiyo wastani wake utalala kwenye lami au karibu nayo. Gari lako limo gereji mita mia kadhaa ndani ya mtaa, ila jina la seli yake limewekwa barabarani.

Ndiyo maana nukta isisomwe bila duara lake. Kila jibu la kanzidata huja na kipimo cha shaka kwa mita, na kwenye jibu la Google kinaitwa `accuracy`. Apu nyingi za magari hukificha, zinachora alama ya gari iliyonyooka kana kwamba ni GPS. Mimi naona huo ni uzembe wa waliozitengeneza. Kikiwa mita 1200, maana yake ni duara lenye eneo la kilomita za mraba 4.5, na gari linaweza kuwa popote ndani yake, si katikati. Mjini seli huwa na upana wa mita mia chache hadi kilomita moja au mbili. Vijijini duara la kilomita 10 si ajabu, na kwa mtandao wa 2G wa kawaida kikomo ni takriban kilomita 35 kutoka kwenye mnara.

Kuhusu kurukaruka. Kifaa kilichotulia hakibaki kwenye seli moja. Tabata kinaweza kusikia seli kadhaa kwa nguvu zinazokaribiana, na kinapima zote muda wote. Lori refu likiegeshwa mbele ya mlango, mlango wa gereji ukifungwa usiku, hata boneti ikifunguliwa, nguvu ya seli moja inashuka kidogo na nyingine inaipita, basi kifaa kinahamia. Chukua mfano wa usiku unaofanana na wako. Safu ya pili ni eneo, ya tatu ni seli, kisha swichi ya gari na umeme wa betri:

```
21:04  8011  10876  ACC 0  12.5V
21:06  8011  10877  ACC 0  12.5V
21:07  8011  13342  ACC 0  12.5V
21:09  8011  10876  ACC 0  12.5V
```

Seli 10876 na 10877 huenda ni pande mbili za mnara mmoja, kwa kuwa kampuni nyingi huzipa pande za mnara namba zinazofuatana, ingawa si sheria. Tuseme nukta ya 13342 kwenye kanzidata iko Buguruni, kilomita 2.1 kutoka kwenye ile ya 10876, na 10877 iko jirani na 10876. Kati ya saa 3:06 na saa 3:07 usiku gari "limekwenda" kilomita mbili kwa dakika moja, sawa na mwendo wa kilomita 126 kwa saa, swichi ikiwa imezimwa. Halafu limerudi. Kila mruko wa namna hiyo unaingia kwenye jumla ya safari. Miruko 15 ya kilomita 2.1 inakupa kilomita 31 na ushee, na usiku mmoja una nafasi ya miruko mingi kuliko hiyo. Kilomita zako 31 zinaweza kuwa zimepatikana hivyo bila tairi kuzunguka.

Ili kujua kwa hakika, fungua ripoti ya nukta moja moja, siyo ramani ya safari, kisha angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, linganisha latitudo na longitudo hadi tarakimu ya mwisho. GPS halisi kwa kawaida haitoi nukta moja mara mbili kwa usahihi wa tarakimu sita. Hata gari likiwa limeegeshwa huchezacheza mita chache. Nukta ya seli hutoka kwenye kanzidata, kwa hiyo kila kifaa kikirudi kwenye 10876 utaona tarakimu zilezile bila hata moja kubadilika. Ukikuta usiku mzima una nukta tatu au nne tu zinazojirudia, hiyo ni LBS, apu iwe imeandika au haijaandika. Angalizo: baadhi ya vifaa, GPS ikipotea, hutuma tena nukta ya mwisho ya GPS kwa saa nyingi. Nayo hujirudia bila kubadilika, lakini ni moja tu, na kwa kawaida iko pale gari lilipoingilia gereji.

Pili, tazama mfuatano wa seli. Gari lililosimama huzunguka katika kundi dogo la seli, mbili hadi tano, na huzirudia. Gari linalotembea hupita seli moja baada ya nyingine, seli ambazo hazikuwapo kwenye orodha, bila kurudi, na likienda mbali hata namba ya eneo hubadilika. Kama fundi alikwenda Mbagala usiku, utaona seli mpya zikifuatana kwa dakika ishirini au thelathini, kisha zilezile zikifuatana kinyumenyume wakati wa kurudi. Tena akitoka chini ya bati GPS ingerudi ndani ya dakika chache, isipokuwa kama amechomoa antena yake. Safari ndefu yenye LBS tupu mwanzo hadi mwisho ni jambo la kutiliwa shaka kuliko miruko mia ya kwenda na kurudi Buguruni.

Tatu, umeme. Betri ya gari lililozimwa hukaa karibu volti 12.4 hadi 12.7, na injini ikiwaka altaneta huipandisha hadi 13.8 au 14.4. Swichi inaweza kudanganywa kwa kukata waya mmoja, lakini kifaa kinachopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kitauona umeme ukipanda. Usiku mzima ikiwa 12.5, injini haikuwaka. Kupanda peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani, maana fundi huwasha injini kuipima, na chaja ya ukutani nayo hupandisha volti. Linalothibitisha safari ni umeme kupanda pamoja na seli mpya kufuatana. Na kama gari lilivutwa, umeme hautasema kitu, seli zitasema.

Unaweza kupunguza ukubwa wa duara, ikiwa kifaa kinakubali. Njia ya kwanza ni kutuma majirani. Vifaa vingi vya 2G vinaweza kutaja seli inayohudumia pamoja na seli hadi sita za jirani, kila moja na nguvu yake. Kanzidata ikipata seli tatu badala ya moja, haikupi tena wastani wa seli moja, inakuweka katikati yao kwa kuvutia upande wa yenye nguvu zaidi. Tuseme ya kwanza inasikika kwa -71, ya pili kwa -83 na iko mita 1800 mashariki yake, ya tatu kwa -89. Kwa njia mojawapo ya kugawa uzito kwa nguvu, ya kwanza hupata karibu asilimia 73, ya pili 18 na ya tatu 9, na nukta husogea mita mia tatu hadi nne kutoka kwenye seli ya kwanza kuelekea gari lilipo. Muhimu zaidi, seli ya kwanza na ya pili zikibadilishana nafasi, nukta husogea kidogo tu badala ya kuruka hadi Buguruni, kwa sababu zote mbili zilikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Cha kushangaza, kifaa cha 4G mara nyingi hakina faida hii. Kwenye 4G kifaa hutambua majirani kwa namba fupi ya 0 hadi 503, ambayo hurudiwa mjini mara nyingi tu, na haina jina kamili la seli. Kanzidata haiwezi kuitumia peke yake. Hivyo usidhani kubadilisha kifaa cha 2G kwa cha 4G kutaboresha LBS. Kunaweza hata kuiharibu.

4G ina faida yake mahali pengine, kwenye kipimo cha muda ambao mawimbi hutumia kufika mnarani. Mtandao hukiambia kifaa kiwahishe kutuma kwa kiasi fulani ili ujumbe wake ufike kwa zamu, na kiasi hicho ni umbali. Kwenye 2G hatua moja ni takriban mita 550. Kwenye 4G ni takriban mita 78. Kifaa kikileta hatua 21 kwenye 4G, kiko kama mita 1640 kutoka kwenye mnara. Ila usichore nukta hapo. Umepata upinde, si nukta: ndani ya upande mmoja wa nyuzi 120, upinde wa umbali huo una urefu wa kilomita 3.4. Tena mawimbi yaliyogonga jengo na kuzunguka hurefusha umbali, kwa hiyo hesabu huelekea kuzidisha kuliko kupunguza. Na kipimo hiki hutunzwa kifaa kikiwa kinawasiliana. Kikitulia, kinachobaki ni cha zamani.

Kama utahamia 4G, kuna kasoro moja ya kukagua mapema. Namba ya seli ya 4G ni ndefu kuliko ya 2G, ina biti 28, na ukiigawa kwa 256 unapata namba ya mnara, baki likiwa ni seli. Kwa mfano 25734145 ni mnara 100524, seli 1. Itifaki za zamani za vifaa vya magari zilitenga baiti 3 tu kwa namba ya seli, na baiti 3 hazizidi 16777215. Seva ikipokea namba hiyo kwa mtindo wa zamani, juu hukatwa na kubaki 8956929, ambayo ni mnara 34988, seli 1. Upande wa seli uko sahihi, mnara si wenyewe. Utajua kwa sababu nukta haitakosea kwa kilomita mbili kama yako. Itakuwa mkoa mwingine, au haitapatikana kabisa, na itakuwa hivyo kila mara kwa seli hiyohiyo. Hiyo ni kazi ya mwenye seva kurekebisha, wala si ya fundi aliyefunga kifaa.

Kwa gereji yako, kitu ambacho kingesaidia kuliko vyote nilivyotaja ni kifaa kinachosoma pia namba za utambulisho za ruta za waifai zilizo jirani. Ruta hufika makumi ya mita, si kilomita, na mtaa kama Tabata una ruta nyingi. Zikiwa mbili au zaidi ndani ya ombi lilelile linalopelekwa Google, duara linaweza kushuka kutoka mita 1200 hadi chini ya mia moja. Kwa sasa mwombe mwenye apu aondoe nukta za LBS kwenye hesabu ya kilomita na azichore kama duara, kisha akutumie ripoti ya usiku wa jana yenye safu za seli, swichi na volti. Usiku ambao gari lilikuwa kwako, limeegeshwa na una uhakika, omba na huo. Ulinganishe mwenyewe idadi ya seli na namna zinavyojirudia, ndipo uende Tabata.